Nyayo za Saa Kumi Usiku

Hadithi hii kila mpenzi wa riwaya anaijua kwa umbo. Mwanamke anaajiriwa kutunza jumba kuukuu lililo kando ya bahari. Anakabidhiwa shada la funguo, anaonyeshwa vyumba ambavyo hatakiwi kuvifungua, na usiku wake wa kwanza haujaisha kabla hajasikia mtu akitembea juu ya dari. Charlotte Brontë aliitumia njia hiyo katika Jane Eyre mwaka 1847, na Daphne du Maurier akaipita tena katika Rebecca mwaka 1938. Umbo ni jepesi kuazima. Kazi iko kwenye jumba lenyewe, na ufundi ninaousifu hapa ni wa msimulizi anayelijua jumba lake sawasawa na mwashi aliyelijenga.

Kwa hadithi ya namna hii Dar es Salaam ina haki ya kuzaliwa. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga hapa katikati ya miaka ya 1860, akasimamisha kasri na majumba ya mawe yanayotazama bandari. Mwaka 1870 akafariki. Ndugu yake Barghash, aliyemrithi, hakuutaka mji huu, na majumba yakabaki na popo na mvua. Wajerumani walipofungua kituo chao mwaka 1887 walikuta magofu ya mji ambao haukuwahi kumalizika. Boma la Kale linalosimama hadi leo karibu na bandari ni salio la ndoto hiyo. Kabla ya kuwa jiji, basi, Dar es Salaam ilikuwa jumba bovu la pwani.

Lakini msimulizi mwenye busara hataliweka jumba lake katikati ya mji. Atalipeleka Kunduchi, kule Kinondoni, kwenye makaburi ya kale yaliyopambwa kwa vyombo vya kauri, au ng'ambo ya maji huko Mbuamaji, upande ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa Temeke. Kunduchi ina faida ya ziada: bahari yake inakula nchi. Wakazi wa zamani wameona ufuo ukirudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi maji yakafika kwenye misingi ya nyumba. Nyumba iliyojengwa mbali na mawimbi inaweza kujikuta imesimama mlangoni pa bahari bila kusogea hata shubiri.

Tulijenge basi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi. Sakafu ya ghorofani imebebwa na boriti za mikoko, na hapo ndipo hadithi inapoanza kujiandika, kwa sababu boriti ina urefu wake. Mkoko haukupi mti mnyoofu na imara wa urefu wowote upendao; fundi wa pwani alizoea boriti za mita mbili na nusu hadi tatu, na upana wa chumba ukafuata hapo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, na upana wao karibu ni mmoja. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi. Mtunza nyumba wetu, dada aliyetoka Singida na ambaye hajawahi kulala karibu na bahari, anafagia vyumba vitatu vya ghorofani kila asubuhi. Anayefagia ndiye anayepima. Wiki ya pili, akianika shuka uani, anainua macho na kuona kwamba kati ya dirisha la chumba cha pili na la cha tatu pana ukuta mtupu wa hatua tatu au nne. Ni urefu wa boriti moja. Hakuna aliyemwambia kuwa kuna chumba cha nne. Nyumba yenyewe ndiyo imemwambia.

Mlango wa chumba hicho uko wapi? Mwandishi asiyejua majengo atabuni kabati linalozunguka au kitabu kinachovutwa rafuni. Anayejua atasubiri masika. Chokaa hupumua: huunywa unyevu na kuutoa. Saruji haifanyi hivyo. Kama mtu aliziba mlango wa zamani kwa tofali na saruji, kisha akapaka chokaa juu ili pasijulikane, maji yaliyomo ukutani yatakwepa kiraka na kutokea pembeni mwake. Yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi inasukuma rangi hadi inabanduka. Mvua za Aprili zikishanyesha majuma kadhaa, kwenye ukuta wa ukumbi unatokea mstari wa rangi iliyochanika: unapanda wima, unakata kulia, unashuka. Mlango umejichora. Dada anaukwangua kwa ufagio, anapaka upya, na baada ya siku chache unarudi. Hapa msomaji anashika roho, ingawa hakuna chochote kilichotendeka nje ya sheria za chumvi na maji.

Sasa nyayo. Kosa la kawaida ni kumpa msomaji kishindo kimoja cha ajabu na kutaraji atetemeke. Msomaji wa Mbagala au Tandale amelala maisha yake yote chini ya bati. Anajua dari husema. Njia bora ni kumfundisha kwanza sauti za kawaida, moja baada ya nyingine, mpaka azizoee pamoja na dada yetu. Mara baada ya magharibi bati lililopigwa na jua kutwa nzima linapoa na kusinyaa, likigonga hapa na pale bila mpangilio. Baadaye, usiku ukishakolea, huja komba. Hao hukimbia, husimama ghafla, na kilio chao hufanana na cha mtoto. Usiku wa kwanza dada anapiga kelele. Asubuhi mlinzi anacheka kwa upole.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wale komba tu. Waachie ndizi mbivu uani, utawaona kwa macho yako."

Anawaona, na anatulia. Msomaji naye anatulia, na hiyo ndiyo kazi ya komba katika hadithi.

Kisha inakuja sauti ya tatu. Ni nzito, ya polepole, inatoka ghorofani upande wa bahari. Hatua moja, kimya, hatua nyingine, kama za mzee anayetafuta kitu. Inaanza karibu na saa kumi usiku na kukoma kabla ya adhana. Usiku unaofuata inarudi, ila imechelewa kama dakika arobaini. Usiku wa tatu imechelewa tena, nayo inaingiliana na adhana. Halafu inatoweka, na majuma mawili baadaye iko palepale saa kumi.

Mvuvi wa Kunduchi akisimuliwa haya hatahitaji mganga. Hayo ni maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu bahari hupata bamvua, na kwenye pwani hii maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, usiku na mchana, yakipanda hadi karibu mita nne juu ya yalipokupwa. Kila siku kujaa huchelewa dakika arobaini hadi hamsini hivi. Yakijaa hivyo, mawimbi hupiga msingi wa ukuta wa mbele. Mtikisiko unapanda ukutani hadi pale ncha za boriti zilipozikwa kwenye jiwe, na ni ncha hizo zinazooza kwanza, kwa kuwa unyevu hukaa humo bila kuona hewa. Boriti iliyooza ncha hulegea katika tundu lake, na kila wimbi huigonga. Dalili yake yaonekana mchana: unga mweupe wa chokaa ulioanguka sakafuni kwa mstari ulionyooka, chini ya boriti ileile. Dada anaufagia kila siku bila kujua kuwa anafagia nyayo.

Kuna waandishi wanaosimama hapo, na si wanyonge. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapwa mwaka 1960, alimtia Bwana Msa kwenye kisa kilichozungukwa na hofu ya mizimu, kisha akakifumbua kwa akili tupu. Furaha ya kusoma riwaya zake ni kuona giza likigawanywa vipande vinavyoshikika mkononi. Adam Shafi naye, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, alituonyesha jumba kubwa kwa macho ya wanaolitumikia, na tukajifunza kuwa mtumishi huijua nyumba kwa undani kuliko mwenye hati. Mtunza nyumba wetu ni mtoto wa shule hizo mbili: ana mikono ya mtumishi na akili ya mpelelezi.

Hata hivyo hadithi ya jumba bovu inadai hatua moja zaidi, na hapo ndipo ninapouvulia ufundi huu kofia. Dada amekwisha kujua habari ya bamvua. Mlinzi amemfundisha kuhesabu mwezi, naye analala usingizi wake. Wiki ya maji mafu inaingia, siku ambazo bahari hupanda kidogo tu na haifiki ukutani. Kujaa kwake ni kwenye saa nne usiku, kwa hiyo ifikapo saa kumi maji yamekupwa, hayaugusi ukuta. Usiku huo, saa kumi kamili, nyayo zinaanza.

Sentensi hiyo moja haina maana kwa msomaji ambaye hakufundishwa bamvua. Kwa aliyefundishwa, inaondoa maelezo yote aliyokuwa ameyaegemea. Ndiyo sababu mwandishi alihangaika na boriti, chumvi na mwezi: hofu ya kweli huja baada ya maarifa kutimia na kutotosha. Anayeanza na jini tangu ukurasa wa kwanza hana tena pa kwenda, na isitoshe anamdharau msomaji wake. Hapa Dar wako wanaoamini mashetani kwa dhati na wako wasioamini kabisa, nao husoma kitabu kimoja katika daladala moja. Hadithi nzuri humwachia kila mmoja nafasi ya kusimama: huyu aseme ni marehemu, yule aseme kuna mtu mzima mwenye damu anayeishi nyuma ya saruji.

Msimulizi mwenyewe hana ruhusa ya kusitasita hivyo. Lazima ajue nani aliziba mlango na kwa nini, na mji huu unampa sababu zisizohitaji kubuniwa sana. Zipo nyumba zenye chumba kilichopigwa kufuli kwa miaka kwa sababu warithi hawajakubaliana, kila mmoja na ufunguo wake. Zipo familia zilizoondoka baada ya sheria ya mwaka 1971, Serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mtu anayefunga chumba kwa matumaini ya kurudi hukifunga tofauti na anayefunga ili kificho kisionekane. Wa kwanza huacha kitasa na kufuli, na pengine akampa jirani ufunguo. Wa pili huita fundi aje na mfuko wa saruji. Dada yetu, aliyekwangua ukuta ule kwa ufagio wake mwenyewe, amekwisha kujua ni yupi kati yao aliyeishi hapa, hata kama ukurasa wa mwisho hautamfungulia mlango.