Sentensi Nane kwa Mtoto Aliyefiwa

Kadi hii iliandikwa na mwalimu wa darasa la kwanza kwa mwanafunzi wake wa miaka 6, aliyefiwa na baba. Baada ya jina la mtoto, inasema hivi:

“Baba yako amekufa. Moyo wake uliugua sana, ukaacha kupiga. Madaktari walijaribu kumtibu, hawakuweza. Hakuna ulichosema, ulichofanya wala ulichowaza kilichomfanya augue. Nakumbuka alivyokuleta shuleni kwa baiskeli, akipiga kengele tangu kona ya dukani. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kucheza, cheza. Jumatatu nitakuwa mlangoni kukupokea.”

Msibani watu wazima husema marehemu ametutoka, amepumzika, amelala. Mtoto wa umri huu huyapokea maneno kama yalivyo. Akiambiwa baba amelala, atangoja aamke, na huenda yeye mwenyewe akaogopa kufumba macho usiku. Akiambiwa amesafiri, atamngojea. Ndiyo maana mwalimu ametaja kifo waziwazi, kisha akaeleza mwili ulishindwa wapi. Hata neno “sana” lina kazi: bila hilo, mama akipata mafua wiki ijayo, mtoto anaweza kudhani naye anakufa.

Sentensi ya nne ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Watoto wadogo huamini kwamba hasira yao inaweza kumdhuru mtu. Aliyenuna kwa kunyimwa pipi, kesho yake baba akafa, anaweza kubeba hatia hiyo kimya kwa muda mrefu. Kwa kuwa haulizi, mwalimu amejibu kabla ya kuulizwa.

Kisha inakuja baiskeli. Mwalimu hakuandika “alikuwa baba mwema”, kwa sababu sifa hiyo ingemfaa baba yeyote. Kengele ile ni ya baba huyu, na mtoto anaisikia. Ruhusa ya kucheza pia inatokana na kuwajua watoto: hulia kidogo, wakakimbilia mpira, wakarudi kulia tena. Wakubwa wakiona hivyo hudhani hawajaelewa.

Ahadi ya mwisho ni ndogo makusudi. “Nitakuwa nawe daima” hakuna binadamu awezaye kuitimiza. Kusimama mlangoni Jumatatu kunawezekana.

Kabla ya kuandika, mwalimu alimuuliza mama mtoto ameambiwa nini, ili kadi isipingane na maneno ya nyumbani. Habari za Mungu alimwachia mama azieleze kwa imani yao, kwani mtoto anayesikia kwamba Mungu alimchukua baba kwa kumpenda anaweza kuogopa kupendwa vivyo hivyo. Alimwomba pia amsomee kadi akiwa amempakata, maana maswali huja papo hapo.

Dada wa mtoto huyo, mwenye miaka 12, alipata kadi yake mwenyewe. Humo mwalimu alitaja ugonjwa kwa jina lake la hospitali, na hakumwambia popote kwamba sasa yeye ndiye msaidizi wa mama. Binti huyo naye amefiwa na baba.