Sauti ya Muuzaji katika Ujumbe wa Simu

Tuseme muuza viatu anawatumia wateja wake wote ujumbe huu: “Hongera mpenzi mteja! Bahati ni yako, wahi leo!” Kasoro yake si uchangamfu. Hongera na haraka ndizo nyenzo za matapeli wa simu, na hapana jambo hata moja ambalo msomaji aweza kulithibitisha. Afadhali hivi: “Salamu, mzazi. Viatu vya shule vimefika, shilingi 1,200. Utavipata hadi Jumamosi, mkabala na posta. Juma, muuza viatu.” Nafsi ya umoja yahifadhi ukaribu, bei, mahali na jina vyajenga imani. Herufi 160 zatosha. Zikipungua, ipunguzwe salamu, si bei.