Ng'ombe Walikula Maua
Kwenye semina sote tulisifu michoro ya wino ambayo Satyajit Ray aliichora kabla ya kupiga Pather Panchali (1955). Mimi nilibaki na swali: mchoro unajua nini kuhusu mwendo?

Siku ya kwanza, mwaka 1952, mtoto Apu alitakiwa kupita katikati ya maua meupe ya kashi akimtafuta dada yake. Kwenye karatasi ni mtoto na nyasi, basi. Mbele ya kamera alinyoosha tu, kama aliyetumwa dukani. Ray akatawanya vijiti njiani avivuke, akaficha wasaidizi wamwite kwa zamu. Ndipo mtoto akasita, akageuka, akaonekana anatafuta kweli.

Wiki iliyofuata walirudi, wakakuta ng'ombe wamekula maua yote. Hapo, nakiri, mpango una kazi: ukijua shoti zipi zimebaki na zitaungana na zipi, unajua pia kwamba uwanda mtupu hautaungana na uliojaa maua. Ray alingoja msimu mwingine.

Filamu yangu ya shahada ina michoro 40. Nimeipitia tena jana; watoto wote wametumwa dukani.