Koma moja, watu wawili

Hadithi hii mwenzetu alitusomea Jumamosi, chumbani juu ya duka pale Gisimenti, honi za pikipiki zikimkatiza kila dakika. Kijana mpya kazini anaandika programu ya mishahara. Jioni inapita bila kosa lolote kwenye skrini. Saa sita usiku mlinzi anapiga simu: pesa haijaingia, na mwenye nyumba anangoja mlangoni.

Mimi kazi hii naifanya, basi nilikuwa nasubiri mwandishi akosee. Hapo hakukosea. Wengi wangeandika kwamba kompyuta ilipiga kelele. Lakini tazama orodha yake:

```python
namba = [
    "K101",
    "K102"
    "K103",
    "K104",
]
```

Baada ya K102 hakuna koma. Python hailalamiki, maneno mawili yakifuatana hivyo, inayaunga kuwa moja, `"K102K103"`. Mfanyakazi wa namba hiyo hayupo, kwa hiyo programu inamruka na kuendelea. Ndiyo maana kimya kile kinatisha.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni ile ya kuhesabu. Karatasi ina watu 41, `len(namba)` inatoa 40. Kijana anamtafuta mtu mmoja, anampata mlinzi, anapumua. Kumbe waliokosa mshahara ni wawili! Koma moja iliunganisha watu wawili, na mwanamke wa usafi, ambaye hakuwa na salio la kupiga simu, anakaa gizani kurasa mbili nzima. Sisi tuliowahi kupanga foleni tukaambiwa jina letu halimo, tunamjua mama huyo.

Sasa lawama yangu. Mwisho, kijana anatia koma, anaendesha programu upya, analala. Hapana bwana! Akiendesha yote upya, wale 39 waliolipwa wanalipwa mara ya pili, na kesho mhasibu atawadai. Alipaswa kuwalipa wawili tu, halafu alinganishe jumla iliyotoka na jumla ya karatasi.

Tena, koma si mkosaji peke yake. Kuna mstari unaosema: usipomwona mtu, mruke. Mstari huo aliuandika mtu kwa makusudi, labda ili kazi isikwame. Ungesema "usipomwona, simama," kosa lingeonekana saa kumi na moja jioni, kabla hata faranga moja haijatoka. Hadithi inaupita mstari huo mbio, inabaki na koma, kwa sababu koma ni ndogo na inachekesha.

Ombi langu kwa mwandishi: aandike upya ukurasa wa mwisho. Kijana asilale. Ampigie yule mama kwanza.