Ijumaa Hadi Jumapili, Siku Tatu

Dada wa mapokezi anayeijua kazi yake utamtambua mapema, kwa swali analolitanguliza baada ya salamu. Wengi hukimbilia tarehe. Yeye huanza na usafiri: "Mtakuja na nini?" Jijini Mwanza swali hilo lina uzito wake, kwa kuwa kuna anayeshuka na basi Nyegezi, kuna anayetua kwa ndege, na kuna anayevuka ziwa kwa meli ya usiku kutoka Bukoba. Kila mmoja anagonga mlango wa hoteli saa tofauti, na saa hiyo ndiyo inayoamua analipia usiku upi.

Chukua simu moja ya namna hii. Mama anapiga kutoka Bukoba, anakuja harusini. "Nataka chumba, Ijumaa hadi Jumapili, siku tatu." Maelezo yanaonekana kamili, na mpokeaji mwenye haraka ataandika Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, azidishe bei mara tatu, aage. Amekosea, ingawa hakuna neno alilolisikia vibaya.

"Shikamoo mama, karibu. Mtakuja na nini?"

"Na meli."

"Meli mtaipanda siku gani?"

"Si hiyo Ijumaa usiku."

Basi Ijumaa mama atalala majini. Mwanza ataiona Jumamosi asubuhi, ashuke bandari ya Mwanza Kaskazini na mizigo yake. Linafuata swali la kuondoka, nalo pia huulizwa likiwa wazi: "Mtaondoka lini, na saa ngapi?" Si "Mtaondoka Jumapili, sivyo?", maana mtu mwenye adabu akiulizwa hivyo kwenye simu hujibu "ndiyo, ndiyo" hata kama hajasikia vizuri. Mama anajibu kwamba Jumapili usiku anarudi na meli. Siku tatu za mama, kwa hesabu ya hoteli, ni usiku mmoja tu: ule wa Jumamosi.

Hapo ndipo ninapoupenda ufundi huu. Hoteli ya dada huyu inapokea wageni kuanzia saa 8 mchana na kuwataka watoke saa 4 asubuhi, kwa hiyo ule usiku mmoja umezungukwa na saa nyingi zisizo na chumba. Dada analisema hilo kabla ya bei: "Mama, mkifika asubuhi chumba huenda hakijawa tayari. Mnaweza kuacha mizigo hapa mapokezi mkasubiri, au mkalipia na usiku wa Ijumaa, mkashuka melini mkaingia moja kwa moja." Kisha ananyamaza. Uamuzi ni wa mgeni, na mgeni wa harusi anayetaka kuoga na kunyoosha nguo anaweza kabisa kuchagua kulipia usiku ambao hatalala. Mama anachagua hivyo. Kwa Jumapili, mizigo itakaa mapokezi mpaka saa ya kwenda bandarini.

Kuhusu chumba chenyewe, haulizi singo au dabo, kwa kuwa dabo ya mmoja ni kitanda kikubwa na dabo ya mwingine ni vitanda viwili. Anauliza watalala wangapi, halafu: "Kitanda kimoja cha sita kwa sita, au viwili?" Mama anakuja na dada yake. Viwili.

Sasa anarudia yote, lakini si kwa maneno ya mama. Mama alitoa siku, yeye anamrudishia usiku na tarehe: "Naomba nirudie, mama, unisahihishe. Chumba kimoja, vitanda viwili, watu wawili. Usiku mbili: wa Ijumaa tarehe 12 na wa Jumamosi tarehe 13. Mnaingia Jumamosi asubuhi mkitoka melini, mnatoka Jumapili tarehe 14 saa 4 asubuhi. Shilingi 70,000 kwa usiku, jumla 140,000." Angemrudishia "Ijumaa hadi Jumapili" vilevile alivyoipokea, mama angeitikia na kosa lingebaki pale pale. Kauli ikibadilishwa umbo, masikio yanashtuka.

Jina huombwa herufi kwa herufi. Jina kama Rweyemamu likiandikwa kwa L, asubuhi ya Jumamosi halitaonekana kwenye orodha, na anayelitafuta si yule aliyepokea simu. Namba ya simu husomwa tarakimu tatu tatu, polepole. Mwisho ni malipo ya awali: kiasi gani, kwa lipa namba ipi, na chumba kitashikiliwa hadi lini yasipoingia. Haya yote yanatumwa kwa ujumbe mfupi mama akiwa bado hewani, ausome.

Limebaki swali moja ambalo fomu nyingi za mapokezi hazina: "Chumba ni chako mama, au unamshikia mtu?" Mara nyingi anayepiga ni mtoto au mwanakamati wa harusi, na ujumbe unaishia kwenye simu isiyopanda meli. Ikiwa hivyo, dada anaomba namba ya pili, ya atakayelala, na ujumbe unatumwa kote kuwili.