Sifa za Safu Mbili

Safari ya baharini haina unyoofu. Chombo kinatoka bandarini, kinajitenga na miamba, kinageuka kuufuata mwambao, kisha kinageuka tena. Baada ya saa kadhaa nchi kavu haionekani, na swali linabaki moja: tuko wapi? Upo ufundi unaolijibu swali hilo kwa dira, saa na kipimo cha mwendo tu. Haujaribu kuishika njia nzima iliyopinda kwa mara moja. Hukitwaa kila kipande cha safari na kukiuliza maswali mawili: umetupeleka kaskazini kiasi gani, na mashariki kiasi gani? Ufundi huo ndio ninaousifu hapa.

Tuchukue meli inayotoka Mombasa kuelekea Lamu wakati wa Kusi. Saa tatu na nusu asubuhi imekwisha kuiacha miamba, nayo iko nyuzi 4 dakika 5 kusini mwa ikweta, nyuzi 39 dakika 45 mashariki. Inakwenda maili 10 za baharini kwa saa. Kwanza nahodha anataka kujitenga na pwani, kwa hiyo anashika nyuzi 60 kwa saa tatu. Kisha anageuka na kushika nyuzi 30 kwa saa sita. Nyuzi hizi zinahesabiwa kuanzia kaskazini, kwa kuzungukia upande wa kulia, hadi mduara utimie nyuzi 360.

Kipande cha kwanza ni maili 30. Chora mstari huo, kisha kutoka mwisho wake shusha mstari hadi uukute ule wa kaskazini kwa pembe mraba. Umepata pembetatu. Upande wake mrefu ni njia ya meli, na pande mbili zilizobaki ndizo majibu yako. Upande wa kaskazini ni maili 30 mara kosini ya nyuzi 60, yaani maili 15. Upande wa mashariki ni maili 30 mara sini ya nyuzi 60, yaani maili 26. Kipande cha pili ni maili 60 kwa nyuzi 30: kaskazini maili 52, mashariki maili 30.

Sasa yanafuata mambo ninayoyapenda kuliko yote. Nahodha anaandika safu mbili, kama mwenye duka anavyoandika daftari lake, kisha anajumlisha. Kaskazini, 15 na 52 ni 67. Mashariki, 26 na 30 ni 56. Hata kama meli ingegeuka mara kumi, safu zingebaki mbili zile zile, na mpangilio wa vipande usingebadili jumla. Ikirudi kusini au magharibi, kiasi hicho kinatolewa. Njia yote iliyopinda imekuwa pembetatu moja kubwa, na ukiipima kwa kanuni ya Pitagorasi utaona kwamba meli iko maili 87 kutoka ilipoanzia, kwa uelekeo wa nyuzi 40, ingawa imetembea maili 90. Maili tatu zimeliwa na kona.

Makosa ya hesabu hii yana mlango mmoja unaojulikana. Darasani tulizoea kupima pembe kuanzia mstari wa mlalo, na hapo kosini hutoa umbali wa mlalo. Dira huanzia kaskazini, kwa hiyo kosini hutoa kaskazini na sini hutoa mashariki. Asiyejihadhari huzibadilisha, na meli yake ya karatasini huweza kupanda nchi kavu. Kinga yake ni kutazama kabla ya kuhesabu. Nyuzi 30 ziko karibu na kaskazini kuliko mashariki, basi jibu la kaskazini lazima liwe kubwa. Likitoka dogo, rudi ulikopita.

Baada ya hapo hesabu inarudi kwenye ramani. Maili ya baharini, yenye mita 1,852, ni karibu sawa na dakika moja ya latitudo, na hapo ndipo ilipotokana. Kwa hiyo maili 67 za kaskazini ni dakika 67, na meli iko nyuzi 2 dakika 58 kusini mwa ikweta. Maili za mashariki hazikubali wepesi huo kila mahali, maana mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyokaribia ncha za dunia. Kwenye nyuzi 60 za latitudo, maili moja ya mashariki ni dakika mbili nzima. Kwetu, karibu na ikweta, tofauti ni ndogo mno, hivyo maili 56 ni dakika 56, na meli iko nyuzi 40 dakika 41 mashariki.

Mabaharia wa bahari hii hii waliikabili pembetatu hiyo muda mrefu uliopita. Rubani Mwarabu wa karne ya 15, Ahmad ibn Majid, aliandika juu ya dira yenye sehemu 32 zilizopewa majina ya nyota zinapochomoza na kuzama, na juu ya tirfa: umbali ambao chombo kinapaswa kusafiri kwa kila uelekeo ili nyota ya kaskazini ipande kwa kipimo kimoja cha kidole. Ni swali letu lililogeuzwa. Anayekwenda kaskazini moja kwa moja hupata maili 60 za kaskazini kwa kusafiri maili 60. Anayeshika nyuzi 60 hana budi kusafiri maili 120. Anayekwenda mashariki kabisa hatazipata kamwe.

Sasa saa kumi na mbili na nusu jioni imefika. Nyota zimetokea na mstari wa upeo bado unaonekana, kwa hiyo nahodha anazipima. Zinamwambia kwamba yuko nyuzi 2 dakika 42 kusini, nyuzi 40 dakika 50 mashariki. Hesabu yake ilimweka kwingine. Asiyeujua ufundi atasema pembetatu zimemdanganya. Nahodha anachora pembetatu nyingine.

Kati ya mahali pa hesabu na mahali pa nyota kuna maili 16 za kaskazini na 9 za mashariki. Upande mrefu wa pembetatu hiyo ni kama maili 18, na uelekeo wake ni karibu nyuzi 30. Meli imesafiri saa tisa, basi kitu fulani kimeisukuma maili mbili kila saa kufuata mwambao. Tunakijua: ni mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini na kupata nguvu zaidi wakati wa Kusi. Dira haiwezi kuuonyesha, kwa sababu unayabeba maji pamoja na chombo. Kosa la usukani lingejitambulisha kwa namna nyingine: nyuzi moja ya kukosea huitupa meli ubavuni kama maili moja katika kila maili 60, hivyo kosa la kiasi hicho lisingeweza kuzaa maili 18 katika safari hii.

Kwa hiyo nahodha anaongeza mstari mmoja daftarini: nyuzi 30, maili 18, kipande ambacho hakuna aliyekishikia usukani. Jumla zinakuwa 83 na 65, nazo zinakubaliana na nyota. Kuanzia sasa kila saa atauandikia mkondo maili zake mbili. Asingefanya hivyo, miamba ya Lamu ingemfikia karibu saa mbili kabla hajaitarajia. Naupenda ufundi huu kwa sababu haufichi tofauti kati ya ulichodhani na kilichopo. Unaipima kwa pembetatu ile ile, unaipa uelekeo na umbali, kisha unaiingiza katika hesabu ya saa inayofuata.