"Yako" Inashika Nini?

Sheria ya malimbuko katika Kutoka 23:19 inaanza na nomino tatu zilizofungamana: reshit, bikurei, admatekha. Hapa Kiebrania hakihitaji "wa" wala "ya". Nomino ya kati hubadili umbo, bikurim ikawa bikurei, nasi tunajua inaegemea ile inayofuata. Kimilikishi -kha kinabandikwa kwenye nomino ya mwisho, adama, yaani udongo au ardhi.

Tukitafsiri neno kwa neno tunapata "mwanzo wa malimbuko ya ardhi yako". Lakini "yako" inapatana na ardhi na pia na malimbuko. Kilicho cha mkulima ni kipi, ardhi au mazao? Ukiandika "udongo wako", "wako" inaweza kurukia "mwanzo". "Shamba lako" linaondoa utata, ila linaifanya ardhi kuwa kiploti.

Ningebaki na "ardhi yako". Kiebrania chenyewe huruhusu kimilikishi cha mwisho kushika mnyororo mzima: har kodshi, "mlima wa utakatifu wangu", humaanisha mlima wangu mtakatifu. Utata huo ni wa matini. Mfasiri asiufute kwa kuchagua ngeli.